Notisi ya makadirio ya kodi kwa mwenye mshahara: kila mstari unasema nini

*"Nafanya kazi kampuni binafsi hapa Dodoma, na jioni nafundisha kwenye chuo cha binafsi. Wote wananikata PAYE kila mwezi. Sasa nimeletewa notisi ya makadirio kutoka TRA ya mwaka 2024: jumla ya mapato 19,200,000, kodi 3,696,000, kodi iliyokwishalipwa 1,824,000, salio 1,872,000, na chini yake riba na adhabu. Kampuni inanilipa 1,200,000 kwa mwezi na chuo 400,000, lakini hela yote hiyo mimi siioni mkononi. Je, wamenitoza mara mbili? Nilipe au nikatae?"*

Hujatozwa mara mbili. Lakini kiasi hicho usikilipe kama kilivyo. Sehemu kubwa ya salio ni deni halali, hata kama waajiri wote wawili walikuwa wanakukata kila mwezi, na humo humo kuna makosa mawili yanayoonekana wazi kwenye tarakimu zenyewe. Makosa hayo yamekuongezea sh. 556,800. Nitakupitisha mstari kwa mstari ili uone kila kimoja kimetoka wapi, kisha tutaamua la kufanya.

Anza na sehemu ya juu, ambayo wengi huiruka. Hapo kuna jina lako, TIN yako ya tarakimu tisa, mwaka wa mapato, aina ya makadirio, tarehe ya notisi na tarehe ya mwisho ya kulipa. Mwaka wa mapato 2024 ni Januari hadi Desemba 2024, si mwaka wa fedha wa serikali unaoanza Julai. Hakikisha hakuna mshahara wa Januari 2025 uliochanganywa humo, wala malimbikizo uliyolipwa mwaka mwingine. Aina ya makadirio inakuambia nani ameyatengeneza. Kama uliwasilisha ritani mwenyewe, makadirio ya kwanza ni yako. Kama TRA imerekebisha hesabu, au umeandikiwa kwa sababu hukuwasilisha ritani, notisi inatakiwa itaje sababu na ionyeshe hesabu imefanywaje. Hilo ni takwa la Sheria ya Usimamizi wa Kodi, kwa hiyo ukikuta notisi yenye kiasi tu bila sababu wala hesabu, una haki ya kuomba maelezo hayo kwa maandishi.

Kwa hali yako, sababu karibu hakika ni hiyo ajira ya pili. Mfanyakazi mwenye mwajiri mmoja, asiye na kipato kingine, kwa kawaida hatakiwi kupeleka ritani, kwa kuwa PAYE inamaliza kila kitu. Ukiwa na waajiri wawili kwa wakati mmoja, nafuu hiyo huna. Ulitakiwa kujumlisha mapato yote na kuwasilisha ritani ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha, yaani kufikia tarehe 30 Juni 2025.

Sasa mstari wa jumla ya mapato. Kodi ya ajira haihesabiwi kwa hela inayoingia benki. Inahesabiwa kwa mshahara ghafi, ukijumlisha na posho zinazotozwa kodi, na kutoa kimsingi kitu kimoja: mchango wako wa pensheni kwenye mfuko wa kisheria. Makato mengine unayoyaona kwenye slipu hayapunguzi mapato ya kodi hata shilingi moja. Mkopo wa Bodi ya Mikopo, bima ya afya, SACCOS, ada ya chama cha wafanyakazi, mkopo wa benki, vyote hutoka baada ya kodi kukokotolewa. Ndiyo maana ukilinganisha notisi na taarifa yako ya benki hutapata kulingana kamwe, na si kwa sababu kuna mtu amekosea. Linganisha notisi na slipu za mshahara, kwenye mstari wa mapato yanayotozwa kodi.

Fanya hivyo kwa takwimu zako. Kampuni ni 1,200,000 mara miezi 12, sawa na 14,400,000. Chuo ni 400,000 mara 12, sawa na 4,800,000. Ukijumlisha unapata 19,200,000 kamili, ndiyo iliyo kwenye notisi. Maana yake aliyeandaa hesabu amechukua mshahara ghafi wa kampuni bila kutoa NSSF. Mchango wa NSSF kwa kawaida ni asilimia 20 ya mshahara, nusu ya mwajiri na nusu ya mfanyakazi. Nusu yako ni sh. 120,000 kwa mwezi, kwa hiyo mapato yako ya kodi kutoka kampuni ni 1,080,000 kwa mwezi na 12,960,000 kwa mwaka. Hilo ndilo kosa la kwanza.

Na huhitaji kwenda mbali kulithibitisha, kwa sababu notisi yenyewe inajipinga. Tazama kodi iliyokwishalipwa: 1,824,000. Igawe kwa 12, unapata 152,000 kwa mwezi. Sasa angalia viwango vya Tanzania Bara vinavyotumika tangu Julai 2021. Hadi 270,000 kwa mwezi hakuna kodi. Kinachozidi hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8, kinachofuata hadi 760,000 asilimia 20, kisha hadi 1,000,000 asilimia 25. Ukifika milioni moja kodi uliyokwishabeba ni 128,000, na kila shilingi inayozidi hutozwa asilimia 30. Kwa mapato ya 1,080,000, kodi ni 128,000 ukijumlisha asilimia 30 ya 80,000, yaani 24,000. Jumla 152,000. Kama kampuni ingekokotoa kwenye 1,200,000 bila kutoa NSSF, ingekukata 188,000. Kwa hiyo kampuni ilitoa NSSF na kukata kodi sawasawa, na TRA imepokea hela iliyokokotolewa hivyo. Ila wakati wa kuandika makadirio imechukuliwa safu ya mshahara ghafi kwenye ritani ya mwajiri badala ya safu ya mapato yanayotozwa kodi. Safu hizo hukaa kwenye jedwali moja na ni rahisi kuzichanganya.

Kosa la pili liko kwenye mstari huohuo wa kodi iliyokwishalipwa. Ile 1,824,000 yote ni ya kampuni. Ya chuo haimo. Umesema chuo nacho kinakukata PAYE, na kwa mshahara wa 400,000, kama walikokotoa kwa viwango vya kawaida na hawakati pensheni, walikukata asilimia 8 ya kile kinachozidi 270,000. Hiyo ni asilimia 8 ya 130,000, yaani 10,400 kwa mwezi, na 124,800 kwa mwaka. Angalia slipu zako za chuo uone kama ni kiasi hicho. Kama slipu inaonyesha makato ya NSSF pia, mapato ya chuo yanayotozwa kodi nayo yatapungua, na hesabu yangu hapa chini itabidi uirekebishe kwa kiasi hicho.

Kwa nini kodi ya chuo isionekane? Mara nyingi ni moja ya sababu mbili. Huenda chuo kiliwasilisha ritani ya PAYE bila TIN yako, au kwa TIN yenye tarakimu iliyokosewa, kwa hiyo hela ilifika lakini haikuunganishwa na jina lako. Au chuo kilikata na hakikupeleka. Ya kwanza hurekebishwa kwa chuo kusahihisha ritani zake. Ya pili ni nzito zaidi, lakini ujue hili: kodi ikishakatwa kwenye malipo yako, wewe unahesabika umeilipa. Kuipeleka TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha ni jukumu la mwajiri, na deni hilo ni lake. Wewe unachotakiwa kuwa nacho ni ushahidi kwamba ilikatwa.

Ushahidi bora ni cheti cha kodi ya zuio. Sheria ya Kodi ya Mapato inamtaka kila mwajiri akupe cheti cha mwaka kinachoonyesha malipo yako na kodi iliyokatwa, kufikia tarehe 30 Januari ya mwaka unaofuata. Ukiacha kazi katikati ya mwaka anatakiwa akupe ndani ya siku 30 tangu ulipoondoka. Wafanyakazi wengi hawajawahi kukiomba, na waajiri wengi hawakitoi mpaka waombwe. Kiombe kwa barua au barua pepe kwa wote wawili, chuo na kampuni. Kama chuo kinasuasua, slipu za miezi yote 12 pamoja na taarifa ya benki inayoonyesha kilichoingia kila mwezi vitasaidia kujenga hoja.

Kuna jambo la kuchungulia kabla hujaendelea. Vyuo vingine havimchukulii mwalimu wa muda kama mwajiriwa. Humlipa kama mtoa huduma na kumkata asilimia 5 ya kodi ya zuio. Kwenye slipu au hati ya malipo yako, soma jina la makato: kama ni asilimia 5 ya 400,000 utaona 20,000 badala ya 10,400. Hapo mapato ya chuo yatatakiwa kukaa kwenye mstari wa biashara, si wa ajira. Gharama halali za kazi hiyo zinaweza kutolewa ukiwa na risiti zake, na ile asilimia 5 utaidai kama kodi iliyokwishalipwa. Lakini kwa kuwa umeandika PAYE, naendelea na hesabu ya ajira.

Tuandike basi hesabu sahihi. Mapato ya kampuni 12,960,000, jumlisha ya chuo 4,800,000, unapata 17,760,000. Kwa mwaka, kodi ya milioni 12 za kwanza ni 1,536,000 (ndiyo ile 128,000 mara 12). Kilichozidi ni 5,760,000, na asilimia 30 yake ni 1,728,000. Jumla ya kodi ya mwaka ni 3,264,000. Toa iliyokatwa na kampuni, 1,824,000, na iliyokatwa na chuo, 124,800. Salio sahihi ni sh. 1,315,200. Notisi inasema 1,872,000. Tofauti ya 556,800 ni yale makosa mawili: 432,000 ya NSSF, ambayo ni asilimia 30 ya 1,440,000 isiyotolewa, na 124,800 ya PAYE ya chuo.

Najua hiyo 1,315,200 ndiyo inayouma, kwa sababu ulikatwa kila mwezi na bado unaambiwa hujamaliza. Chanzo chake ni hiki. Ile 270,000 isiyo na kodi, pamoja na ngazi za asilimia 8, 20 na 25, ni za mtu mmoja kwa mapato yake yote. Si za kila ajira. Mshahara wako wa kampuni umeshazitumia ngazi zote hizo na kuvuka milioni moja. Kwa hiyo shilingi ya kwanza kabisa ya chuo inaanzia kwenye asilimia 30. Kodi halisi ya 400,000 kwako ni 120,000 kwa mwezi. Chuo kilikukata 10,400, kama vile hiyo ndiyo ajira yako pekee. Tofauti ya 109,600 kila mwezi ilikuwa inaingia mfukoni mwako ikiwa na deni nyuma yake, na baada ya miezi 12 imekuwa 1,315,200. Mwajiri hawezi kulijua hilo kama hujamwambia una ajira nyingine.

Ukipata mtu mwingine mwenye ajira mbili, usimpe tarakimu hizi kama kanuni. Mtu mwenye mshahara wa kwanza wa 600,000 bado ana nafasi kwenye ngazi za asilimia 20 na 25, na deni lake la ajira ya pili litakuwa dogo zaidi kuliko lako kwa kipato hichohicho cha chuo.

Hapa Dodoma wasomaji wengi ni watumishi wa umma, na kwao mistari miwili hubadilika. Wa kwanza ni pensheni: wao wako PSSSF, ambako mtumishi huchangia asilimia 5 na mwajiri asilimia 15, kwa hiyo kinachotolewa kwenye mapato ni asilimia 5, si 10. Wa pili ni posho. Posho za nyumba, usafiri, madaraka, kazi za ziada, mazingira magumu na honoraria anazolipwa mtumishi wa Serikali, au wa taasisi ambayo bajeti yake yote au sehemu yake kubwa ni ruzuku ya Serikali, hazihesabiwi kuwa mapato ya kodi. Kwa mfanyakazi wa sekta binafsi kama wewe, posho ya nyumba au usafiri inayolipwa kwa fedha taslimu hutozwa kodi kama mshahara. Mtumishi aliyehamia Mtumba akikuta posho hizo zimejumlishwa kwenye notisi yake, hilo ni la kupinga. Wewe ukizikuta, ni sahihi.

Mistari ya chini, riba na adhabu, nitaipitia kwa haraka kidogo kwa sababu yote inafuata salio. Riba hutozwa kwa kuchelewa kulipa. Huhesabiwa tangu siku kodi ilipotakiwa kulipwa, kwa kiwango cha kisheria kinachotegemea riba ya Benki Kuu, na hujumlishwa kila mwezi juu ya ile ya mwezi uliopita. Adhabu ya kutowasilisha ritani ni jambo tofauti, na huhesabiwa kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi wa kuchelewa. Hutozwa kikubwa kati ya viwili: asilimia 2.5 ya kodi ambayo ilikuwa haijalipwa, au kiwango cha chini kilichowekwa kwa mtu binafsi. Kwa deni la ukubwa wa lako, asilimia 2.5 ni takriban 33,000 kwa mwezi, kwa hiyo usishangae ukikuta adhabu imekokotolewa kwa kile kiwango cha chini badala ya asilimia. Hapo kupunguza kodi kwa 556,800 hakutapunguza adhabu, ila riba itapungua. Hesabu idadi ya miezi iliyotumika: inatakiwa kuanza baada ya tarehe 30 Juni 2025, na kila mwezi uliozidishwa ni hela yako. Sheria inaruhusu pia kuomba msamaha wa riba na adhabu ukiwa na sababu ya msingi. Kwamba ulikuwa unakatwa PAYE na waajiri wote ni maelezo yenye uzito kiasi, lakini usijenge bajeti yako juu ya msamaha ambao hujaupata.

Sasa, ulipe au ukatae? Vyote viwili, kila kimoja kwa sehemu yake. Pingamizi la makadirio hupelekwa kwa Kamishna Mkuu kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu ulipofikishiwa notisi. Kama notisi imekuja kwenye akaunti yako ya mfumo wa walipakodi, hesabu tangu ilipokufikia humo, usingoje karatasi. Na ili pingamizi lipokelewe, unatakiwa kulipa kwanza kiasi usichokipinga au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa. Kwako kiasi usichokipinga ni 1,315,200. Theluthi ya 1,872,000 ni 624,000, na hata ukichukua theluthi ya kodi yote ya 3,696,000 unapata 1,232,000. Kwa vyovyote 1,315,200 ndiyo kubwa, kwa hiyo hiyo ndiyo ya kulipa. Kama huwezi kuitoa kwa mkupuo, nenda mapema ukaombe kupunguziwa sharti hilo au kulipa kwa awamu, na uombe kwa maandishi kabla siku 30 hazijaisha. Kukaa kimya huku ukitafuta hela ndiko kunakowapotezea watu haki, kwa sababu siku zikipita makadirio yanasimama kama yalivyo, pamoja na makosa yake.

Barua ya pingamizi haihitaji maneno mengi. Taja jina, TIN, namba na tarehe ya notisi. Kisha sema mistari miwili unayoipinga. Kwa mstari wa mapato, andika kwamba mchango wa NSSF wa sh. 1,440,000 haukutolewa, na ambatisha taarifa ya michango kutoka NSSF pamoja na slipu 12 za kampuni. Kwa mstari wa kodi iliyolipwa, andika kwamba PAYE ya sh. 124,800 iliyokatwa na chuo haikuhesabiwa, na ambatisha cheti cha chuo. Malizia kwa jedwali dogo lenye hesabu ya notisi upande mmoja na yako upande mwingine, likiishia na 1,872,000 dhidi ya 1,315,200. Usiandike kwamba kodi ni kubwa mno au kwamba una watoto wanaosoma. Ni kweli na ni uzito mkubwa, lakini afisa anayesoma pingamizi hawezi kurekebisha mstari kwa hoja hiyo. Ambatisha risiti ya malipo ya kile usichokipinga, na hakikisha umebaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa au uthibitisho wa mfumo.

Malipo yenyewe yafanye kwa namba ya kumbukumbu iliyotolewa kwa deni hilo, kupitia benki au simu. Kabla hujatuma hakikisha jina linalojitokeza ni lako na mwaka ni 2024. Usimpe mtu yeyote fedha taslimu akusaidie kulipa. Risiti na nyaraka zote zitunze kwa miaka mitano.

Kabla ya kuandika pingamizi rasmi, inafaa uende dirishani ofisi ya TRA Dodoma na slipu zako. Makosa ya aina hii, ya safu iliyochukuliwa vibaya na TIN isiyounganishwa, mara nyingi afisa huyaona ndani ya dakika chache. Ila maneno ya mdomo hayasimamishi siku 30. Hata ukiambiwa "tutarekebisha", kama notisi mpya haijatoka na siku ya 25 imefika, peleka pingamizi. TRA wasipotoa uamuzi ndani ya miezi sita tangu walipolipokea, sheria inachukulia makadirio yamethibitishwa, na njia iliyobaki ni Bodi ya Rufani za Kodi. Ujue pia kwamba sehemu uliyoipinga ikionekana ni halali, riba yake itakuwa imeendelea kukua muda wote huo. Kwa hoja zako mbili, ukiwa na nyaraka, hatari hiyo naiona ni ndogo.

Kwa kesi kama yako, mtu mwenye slipu zote anaweza kujiandikia mwenyewe. Tafuta mshauri wa kodi aliyesajiliwa, ana kwa ana, kama moja ya haya limetokea: chuo kinakataa kutoa cheti au kinakana kukukata, notisi ina mstari wa mapato usioutambua kabisa, kwa mfano biashara au pango, makadirio yanagusa miaka kadhaa kwa pamoja, au umeshapokea barua ya kuzuia akaunti ya benki. Katika hilo la mwisho nenda siku hiyohiyo. Ukikuta mapato usiyoyajua, uliza pia kama kuna mtu anatumia TIN yako, maana TIN iliyotolewa nakala kwa ajili ya kusajili pikipiki au kuomba tenda inaweza kuishia mahali usipopajua.

Limebaki moja ambalo usilingoje pingamizi lijibiwe. Kama bado unafundisha na hujakiarifu chuo, ile 109,600 inaendelea kujilimbikiza kila mwezi unaopita. Kiandikie chuo kwamba wao ni mwajiri wako wa pili, utaje TIN yako, na uombe wakukate asilimia 30 bila ngazi za chini. Kwenye 400,000 utakatwa 120,000 na kupokea 280,000 badala ya 389,600. Kwa miezi iliyokwishapita, zidisha 109,600 kwa idadi yake, na kiasi hicho kitenge sasa: ndicho utakachodaiwa ritani ya mwaka huo itakapofika tarehe 30 Juni.